Milimita Thelathini na Nane

Mlinzi alikufa kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Saa moja asubuhi hiyohiyo, kwa mwandiko wake, daftari la kipimamvua lilijazwa.

Injinia wetu ndiye aliyeniletea habari hizo, kwenye simu yake, amepiga picha ya ukurasa. Aliiweka mezani kwangu kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyeweka chini kitu kinachouma.

"Dada, tazama Jumatano," alisema.

Nilitazama. Jumatano, saa moja asubuhi, milimita 38. Tarakimu zilezile ndefu nyembamba, nane yenye kiuno kilichobanwa. Mwandiko huo niliujua. Kwa karibu miaka miwili nilipokea nakala zake kila mwanzo wa mwezi.

"Labda alijaza mapema," nilisema. "Watu wavivu wanajaza wiki nzima Jumatatu."

"Sogeza chini."

Nikasogeza. Alhamisi, milimita 4. Ijumaa, sifuri. Jumamosi, 11. Jumapili, 2. Mpaka siku ya tisa, ambayo ilikuwa jana.

"Na jana nilikuwa pale saa tano," Injinia alisema kwa sauti ya chini. "Wino ulikuwa mpya. Wapagazi wa hospitali wanasema ni yeye. Hakuna anayepita mlango wa nyuma kabla jua halijatoka. Wanasema wanaona tochi inainama pale kwenye kipimo, inasimama, inaondoka."

"Wewe ni injinia," nikamwambia.

"Ndiyo, dada. Injinia mwenye watoto."

Niseme kazi yangu, ili mambo yaeleweke. Mimi ni afisa mikataba wa kampuni ya ujenzi. Sijengi. Nasoma kile tulichoahidi, natunza barua, napiga muhuri kila karatasi inayoingia. Tulijenga wodi mpya kwenye hospitali moja iliyo mteremkoni, na nyuma ya wodi tukajenga ukuta wa kuzuia udongo wa mlima usishuke. Tulikabidhi kazi, tukapigwa picha. Mwezi wa saba baada ya makabidhiano, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, mvua ilinyesha na ukuta ule ukaangukia kibanda cha mlinzi wa hospitali. Alikuwa ndani.

Watu walimwita Tochi, kwa sababu alitembea na tochi hata saa sita mchana. Nilimwona mara tatu nne. Mtu mpole, mwenye koti refu la kijivu, anayekusogelea karibu mno kabla ya kukusalimia.

Siku hiyohiyo Bosi aliniita. Ana ofisi yenye viti vya wageni vifupi kuliko cha kwake.

"Andika notisi ya tukio lisilozuilika," alisema. "Kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege kilipima milimita mia moja ishirini na sita. Mkataba unasema zaidi ya mia moja kwa saa ishirini na nne ni mvua isiyo ya kawaida. Tumetoka."

"Mkataba unasema kipimo cha pale pale hospitali ndicho kinachohesabika," nilijibu. "Cha uwanja wa ndege kinatumika tu kama cha hospitali hakipo au hakiaminiki."

"Na cha hospitali kinasemaje?"

"Thelathini na nane."

"Kilichoandikwa na nani?"

Nikafunika kalamu yangu.

"Na maiti," alisema Bosi, akafungua mikono. "Sasa niambie, mama, rekodi iliyoandikwa na maiti inaaminika? Andika hivyo. Kwa lugha nzuri. Siku ya mwisho ni ya kumi na nne, usisahau."

Kwa kweli niliona ana hoja. Nilirudi kwenye meza yangu nikaanza kuandika, na kila nilipofika kwenye neno "haiaminiki" niliinua kichwa kuangalia mlango. Hakukuwa na mtu. Niliinuka nikaufunga. Baadaye nikaona bora nimwone anayekuja, nikaufungua.

Jioni binti yangu alikuwa ametandaza madaftari yake kwenye meza ya jikoni. Yuko chuoni, mwaka wa pili, na muhula huo walikuwa na somo la sheria ya miradi.

"Mama, nisaidie. Vifungu vya hatari. Nikivisoma vyote vinafanana."

"Ondoa kiwiko kwenye mchele. Kipi hukielewi?"

"Dhamana, kinga ya madai na tukio lisilozuilika."

Nilikuwa nakata vitunguu, nikamweleza huku nikikata. "Umempelekea fundi cherehani kitambaa akushonee gauni la harusi ya rafiki yako. Anakwambia, mshono huu ukifumuka ndani ya mwaka mmoja, lete, nitarudia bila malipo. Hiyo ni dhamana. Ni ahadi juu ya kazi yenyewe. Lakini na wewe una wajibu, ukiona mshono unafumuka umwambie. Huwezi kukaa kimya mpaka gauni lote liachane halafu uje na vitambaa mkononi."

"Sawa."

"Sasa, fundi amesahau sindano kwenye pindo. Umekaa harusini, sindano ikamchoma jirani yako wa kiti. Jirani hamjui fundi. Anakudai wewe, wewe ndiye uliyekaa karibu naye na gauni lenye sindano. Kinga ya madai ni pale fundi alipokuahidi: mtu mwingine akikudai kwa kosa langu mimi, mzigo huo nitaubeba mimi. Humfukuzi jirani. Dai lake linabaki, ila linabebwa na aliyesahau sindano."

"Na tukio lisilozuilika?"

"Mto umefurika ukabeba cherehani, duka na gauni lako. Fundi hakuuita mto, hakuweza kuuzuia, na hata angekuwa mwangalifu vipi gauni lingekwenda. Hapo anasamehewa. Lakini anatakiwa akwambie ndani ya siku mlizokubaliana, na atoe ushahidi kwamba ni mto kweli ulioharibu. Kama gauni lilikuwa limeshachanika juzi yake, asisingizie mto."

Binti yangu aliandika, ulimi nje kidogo kama alivyokuwa akifanya darasa la kwanza. Kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Kwa hiyo yule mlinzi wenu yuko kwenye kipi?"

"Kula," nilimwambia.

Lakini sikulala vizuri, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshashuka kwenye teksi mbele ya mlango wa nyuma wa hospitali. Nilijiambia nimekwenda kukagua rekodi kabla ya kuandika barua, jambo ambalo afisa mikataba yeyote angefanya. Siamini mizimu. Nilisoma stashahada yangu nikiwa na mimba na kazi ya mchana, sikuwa na nafasi ya kuamini mizimu.

Ukungu ulikuwa umekaa chini, unafika magotini. Ukuta ulioanguka ulikuwa upande wa kushoto, mawe na udongo mwekundu, na bati moja la kibanda limejikunja kama karatasi. Kipimamvua kilikuwa mbali na hapo, kwenye uwazi karibu na kibanda cha mita ya maji, kwa sababu kipimo hakitakiwi kukaa chini ya ukuta wala mti. Daftari lilining'inia kwenye msumari, ndani ya mfuko wa plastiki. Nilisimama kando ya mita nikasubiri.

Saa moja kasoro dakika tano tochi ilitokea.

Ilikuja polepole kutoka upande wa njia ya dobi. Nyuma ya tochi kulikuwa na koti refu la kijivu. Koti lilifika kwenye kipimo, likainama, likatoa gilasi ndefu na kuimulika kwa karibu. Nikasikia maji yakimwagwa kwenye majani. Kisha daftari likatolewa kwenye mfuko, na kalamu ikaanza kukwaruza.

Nilitaka kusema "Nani wewe?" Ilitoka, "Hodi."

Koti liligeuka. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vibaya, macho yamevimba.

"Karibu," alisema, kama vile tuko mlangoni kwake.

Alikuwa mke wa marehemu. Alifanya kazi ya kufua mashuka pale pale hospitalini, zamu ya asubuhi. Wenzake wote waliamini yuko nyumbani msibani.

"Pole sana, mama," nilisema. "Mimi natoka kampuni iliyojenga ukuta. Nakwambia mapema ili usiniambie jambo ukidhani niko upande wako."

Alinitazama, akafunga daftari. "Angalau wewe umefika. Umekuja kuchukua daftari?"

"Nimekuja kujua nani anaandika."

"Mimi. Tangu mwanzo." Alisema kwa uchovu. "Hakuwa anaona. Macho yalianza kumwacha kitambo, hata kabla hamjaanza kujenga. Vile vistari kwenye gilasi alikuwa haoni hata kimoja. Akaogopa, mlinzi asiyeona atafukuzwa. Nikamwambia, baba, mimi naingia zamu saa moja wewe unatoka saa moja, nitasoma mimi. Alikuwa anamulika, mimi nasoma, naandika jina lake. Walimcheka na tochi yake. Alicheka nao."

"Na Jumatano ile?"

Alikunja mfuko wa plastiki mara nne, akaukunjua.

"Nilikuja kama siku zote. Sikumkuta hapa, nikasema amekwenda kunywa chai, ameniachia kazi. Nikasoma. Thelathini na nane. Nikaandika. Nikaangalia hivi, nikashangaa, mbona leo kule kuko wazi, mbona mlima naona wote." Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Ndipo nikasikia watu."

Tulisimama. Ukungu ulianza kutoka kwenye mawe.

"Kwa nini unaendelea kuandika?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyeniambia niache. Na nikiwa nimeinama pale, naona kama amesimama nyuma yangu ananimulikia." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Najua hayupo. Usiniangalie hivyo."

Sikuwa namwangalia yeye. Nilikuwa nimehisi jambo lilelile mgongoni mwangu, na sikutaka kugeuka.

Nikamweleza kwa ufupi, kwa sababu alistahili kujua. Nilimwambia kampuni yangu inataka kusema ni mvua kubwa kupita kiasi, na ikikubalika hivyo basi kampuni haitatengeneza ukuta kwa dhamana, na haitabeba dai lake. Yeye atabaki anaidai hospitali, na hospitali itasema nayo haikufanya kosa, laumu mbingu. Kila kitu kilisimama juu ya namba moja, na namba hiyo ilikuwa na thamani tu kama kuna mtu hai wa kusema niliiandika mimi.

"Nikisema," aliuliza taratibu, "watajua hakuwa anaona."

"Watajua."

"Watasema ni kipofu aliyekaa chini ya ukuta unaoanguka. Watasema tulidanganya miaka miwili."

"Wengine watasema hivyo, ndiyo. Tafuta wakili, mama. Nenda kwa katibu wa hospitali na daftari, usimpe mtu mwingine. Hata mimi usinipe."

Alilibana daftari kifuani. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita.

"Mama, na yale niliyokuwa naandika upande wa kulia? Mliyafanyia nini?"

"Yapi?"

"Basi," alisema.

Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Nikavuta jalada la hospitali, nakala za kaboni, ukurasa wa mwisho uliotufikia kabla ya ajali. Ukurasa una safu nne, siku, saa, milimita na maoni. Mimi nilikuwa nahitaji milimita. Kila mwezi kidole changu kilishuka kwenye safu ya tatu, kikajumlisha, kikafunga. Ya nne sikuwa naitazama, kwa sababu kwa mwaka mzima ilikuwa imeandikwa "sawa", "sawa", "sawa".

Tarehe ishirini na saba, safu ya nne: *Matundu ya ukuta hayatoi maji.*

Tarehe ishirini na tisa: *Matundu bado makavu. Ukuta umetokeza tumbo karibu na kibanda.*

Tarehe thelathini: *Tafadhali fundi aje aone.*

Ukuta wa namna ile huachiwa matundu ili maji ya mlima yapite. Yakiziba, maji hujikusanya nyuma na kuusukuma. Hauhitaji mvua ya ajabu. Unahitaji mvua ya kawaida na muda.

Na chini ya ukurasa, wino wa zambarau, muhuri wangu. IMEPOKELEWA. Tarehe mbili. Saini yangu juu yake, ile ya haraka yenye mkia. Ukuta ulianguka tarehe ishirini na moja.

Nilikaa na ule ukurasa mpaka watu wakaanza kuingia na kusalimiana. Mtu mmoja aliniuliza kama naumwa. Nilitazama maneno yale, "tafadhali fundi aje aone", nikasikia sauti ya kuyasema, na ilikuwa ya mwanaume, mpole, karibu sana na sikio langu, kama mtu anayelazimika kusogea ili akuone. Alikuwa anamtajia mkewe cha kuandika. Lazima ukuta ule aliujua kwa kiganja. Kila usiku aliushika akipita.

Nilimpelekea Bosi. Alisoma akiwa amesimama.

"Nani ameiona hii?"

"Mimi."

"Basi haijaonekana."

"Original iko kwenye daftari, bosi. Hii ni nakala."

"Daftari la maiti."

"La mke wake. Yuko hai, nimezungumza naye leo. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma kipimo siku zote."

Aliketi kwenye kile kiti kirefu. "Unajua unachosema? Unasema tuliambiwa. Kasoro iliripotiwa ndani ya kipindi cha dhamana na sisi tukapiga muhuri tukaweka kabatini. Hata ingenyesha milimita mia tano, hakuna atakayetusikiliza. Na muhuri ni wa nani?"

"Wangu."

"Una mtoto chuoni, si ndiyo?"

"Ninaye. Anasoma hayahaya."

"Basi mfikirie," alisema, akanirudishia ukurasa kwa ncha za vidole. "Notisi niikute mezani kesho. Na karatasi hii rudisha ilipokuwa."

Niliandika notisi. Kazi yangu ni kuandika ninachoagizwa, ili mradi siweki uongo kwa saini yangu. Niliandika tarehe, kifungu, na kipimo cha uwanja wa ndege. Mahali pa "rekodi ya eneo haiaminiki" niliacha wazi, nikaandika kwa penseli: *Siwezi kuthibitisha.* Bosi alipajaza mwenyewe. Na ukurasa nikaurudisha ulipokuwa, kwenye jalada. Jalada nikalibeba kwenda kwenye kikao.

Kikao kilikuwa siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, chumba cha mikutano cha hospitali. Meza ndefu, chupa za maji, feni inayolia kila ikizunguka. Katibu wa hospitali, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikaa kichwani mwa meza. Sisi tulikuwa watatu, Bosi, Injinia na mimi. Mjane alikaa peke yake upande wa pili, na daftari. Hakuvaa koti.

Bosi alisoma notisi kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye daftari alitoa pole kwa familia, kisha akasema kwa masikitiko kwamba rekodi ya siku yenyewe imeandikwa na mtu aliyekuwa ameshafariki, kwa hiyo haiwezi kutumika.

"Niliandika mimi," alisema mjane.

"Jina ni la marehemu."

"Jina ni lake. Mkono ni wangu."

Katibu alimsogezea karatasi na kalamu. "Andika thelathini na nane, mama. Andika mara tatu. Andika na jina lake."

Aliandika. Katibu aliweka karatasi kando ya daftari, akavua miwani, akaivaa tena. Nane ilikuwa ile ile, kiuno kimebanwa.

"Kwa hiyo mume wako alidanganya mwajiri wake miaka miwili," alisema Bosi, polepole. "Alikuwa kipofu, na alikuwa mlinzi."

Injinia aliinamisha kichwa. Mjane alishika ukingo wa meza.

"Alikuwa haoni vistari," alisema. "Ukuta wenu aliuona. Wenye macho hamkuuona."

Feni ililia, ikazunguka, ikalia. Katibu alikuwa amefungua daftari ukurasa wa nyuma, na kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye safu ya nne. Nilikitazama kidole hicho. Nilijua kitasimama wapi, na kilisimama.

"Hapa kuna maoni kuhusu matundu," alisema. "Kwa utaratibu, nakala ya kila mwezi inakwenda kwa mkandarasi. Hii ilifika kwenu?"

Bosi alisema, "Nakala ni nyingi, katibu. Lazima tukague kwanza."

Injinia alitazama dari.

Nilihisi mtu amesimama nyuma ya kiti changu. Nasema nilivyohisi. Hakunigusa. Alikuwa anasubiri tu, kwa upole, kama mtu aliyezoea kusubiri asomewe kilichoandikwa.

"Ilifika," nilisema. "Tarehe mbili. Niliipokea mimi, nikapiga muhuri, sikusoma safu ya maoni. Hii hapa."

Nilifungua jalada nikasukuma ukurasa katikati ya meza. Bosi hakunitazama. Shingo yake ilikuwa imejaa damu mpaka kwenye kola.

Kilichobaki hakikuchukua muda. Katibu alisema notisi wataipokea, ni haki yetu kuileta, lakini kipimo cha eneo kipo na mwandishi wake yupo, na thelathini na nane haifiki mia. Na hata ingefika, aliongeza, ingebidi tuonyeshe kwamba ni mvua iliyoangusha ukuta na si matundu yaliyoziba ambayo tulishaambiwa. Ukuta utajengwa upya na kampuni kwa dhamana. Dai la mjane litapokewa na hospitali, na hospitali italikabidhi kwetu kwa kifungu cha kinga, tulibebe. Bosi alikunja notisi, akaitia kwenye mfuko wa koti. Alipopita nyuma yangu kutoka alisema, bila hasira, "Kesho usiwahi kuja. Njoo saa nne, tuzungumze."

Nilimkuta mjane nje, kwenye ngazi za upande wa dobi. Mashine zilikuwa zinanguruma ndani, na mvuke ulitoka dirishani. Nilidhani nitasema pole. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nataka kujua jambo moja. Wewe unajua mikataba. Kama ungesoma, siku ile ya tarehe mbili, nini kingefanyika?"

"Mama, haitakusaidia kujua."

"Sijakuuliza kama itanisaidia."

Basi nikamwambia, kwa sababu aliuliza sawasawa. "Ningemwandikia Injinia siku hiyohiyo. Dhamana inatupa siku saba kufika. Wangekuja mafundi wawili na mashine ya kutoboa. Wangezibua matundu, wangetoboa mengine mapya, na kibanda wangekisogeza wakati wanafanya kazi."

"Ingechukua muda gani?"

Ndani mtu alizima mashine moja, na kimya chake kilikuwa kikubwa kuliko kelele yake.

"Nusu siku," nilisema.

"Nusu siku."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye ngazi. Alisogea kidogo upande, na kwa muda nilifikiri ananipa nafasi nikae. Nilipoinama kukaa aliweka kiganja juu ya sehemu ile ya saruji iliyo wazi, akakituliza pale.

"Hapo pana mtu," alisema.

Nikabaki nimesimama.